Chupa Iliyorudishwa: Kusimulia Mwanzo wa Biashara Bila Kuutunga

Kazi yangu ni kuandika maneno yanayowekwa kwenye lebo, vipeperushi na kurasa za biashara ndogo za vyakula, na wateja wangu wengi wako Dodoma, Singida na Morogoro. Karibu kila mmoja wao huja na ombi lilelile: anataka watu wajue alivyoanza. Ombi hilo ni la haki, kwa kuwa mnunuzi anayesimama mbele ya rafu yenye makopo kadhaa ya siagi ya karanga, yote ya rangi moja na bei zinazokaribiana, hana namna rahisi ya kuyatofautisha, na habari ya mtengenezaji inaweza kumpa sababu ya kuchukua moja na kuacha jingine. Tatizo ni kwamba habari hizo zinapofika kwangu huwa zimeshafanana kama makopo yenyewe. Mtaji ulikuwa shilingi elfu kumi. Ndugu walimcheka. Usiku mmoja mwanzilishi akapata wazo, akathubutu, na leo ameajiri vijana. Msomaji ameshazisikia redioni, kwenye semina za ujasiriamali na kwenye mitandao, na hata pale zinapokuwa za kweli haziamini tena.

Nitaeleza kazi moja niliyoifanya kwa mama mmoja wa Dodoma anayetengeneza siagi ya karanga, kwa sababu ndani yake yalikutana mambo mengi ambayo kwa wateja wengine nimekutana nayo moja moja. Ameniruhusu kueleza kazi ilivyokwenda, bila jina lake wala la bidhaa yake.

Rasimu aliyokuja nayo ilikuwa imeandikwa na mpwa wake, kijana anayejua kuandika, nayo ilisema hivi: “Mwaka 2016, baada ya kuguswa na vifo vilivyotokana na sumukuvu katika mkoa wetu, niliamua kuthubutu. Nikiwa na mtaji wa shilingi elfu kumi tu na imani kubwa moyoni, nilianza safari ya kuwaletea Watanzania siagi ya karanga iliyo salama kwa asilimia mia moja. Wengi walinikatisha tamaa, lakini sikurudi nyuma.”

Kiswahili chake hakina kasoro, na tukio lililotajwa si la kubuni. Katikati ya mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na baadhi yao wakafariki kwa sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka na karanga, ingawa chakula kilichohusika zaidi wakati ule kilikuwa mahindi. Kilichonitia shaka ni kwamba aya nzima haikuwa na kitu kimoja ambacho mtu angeweza kukishika. Hapakuwa na chombo, soko, mashine, wala mtu mwingine aliyefanya jambo lolote isipokuwa kukatisha tamaa. Na tukio kubwa la mkoa lilikuwa limewekwa mahali panapofaa mno, mwanzoni kabisa, likimfanya mwanzilishi aonekane kama mwokozi aliyeitwa na msiba wa watu wengine. Mtu wa Dodoma aliyepoteza ndugu mwaka ule akiisoma lebo hiyo dukani ana kila sababu ya kukasirika.

Katika mazungumzo ya kwanza huwa simuulizi mwanzilishi alipataje wazo. Swali hilo humwita ajieleze, naye hujieleza kwa maneno aliyoyasikia kwa wengine. Nilimuuliza mtu wa kwanza aliyemlipa alikuwa nani, alimlipa wapi, siagi ilikuwa ndani ya chombo gani, mashine ya kusagia ilikuwa ya nani, mkaa ulinunuliwa kwa pesa ipi, na kitu gani kiliharibika. Maswali ya namna hii hujibiwa kwa majina ya vitu, na ni vigumu kutunga majina ya vitu kumi bila kujikanganya. Mama alianza kujibu kwa sauti ya jukwaani, kisha baada ya muda akasahau kwamba anahojiwa, akawa anakumbuka tu.

Wateja wa kwanza walikuwa walimu wa shule aliyokuwa akifundisha mume wake. Siagi ilitiwa kwenye chupa za jemu zilizotumika, zikachemshwa na kuanikwa. Mashine ilikuwa ya jirani, ambaye badala ya kukodisha alichukua kikombe cha siagi kila mara iliposagwa. Karanga zilitoka Kongwa. Nilipouliza kilichoharibika, alinyamaza kidogo, halafu akasema kwamba kuna mwalimu mmoja alirudisha chupa kwa sababu siagi ilikuwa chungu.

Hapo ndipo nilipoomba kuona daftari. Wafanyabiashara wadogo wengi wana daftari la mauzo na madeni, na kwangu lina thamani kuliko picha zote za mwanzilishi akiwa ameshika kombe la mshindi. Tukalipata, jalada limechakaa, kurasa zina madoa ya mafuta. Kwenye ukurasa wa mwaka 2014, chini ya orodha ya waliokopa, palikuwa na mstari mmoja kwa kalamu ya bluu: mwalimu fulani karudisha moja, chungu, nimempa mbili. Kando yake ameandika neno “chambua” na kulipigia mstari chini.

Mstari huo ulibadilisha kazi yote. Kwanza ulionyesha kwamba biashara ilikuwapo miaka miwili kabla ya tukio la 2016, kwa hiyo lebo iliyopendekezwa ilikuwa na tarehe ya uongo, hata kama mpwa hakukusudia kudanganya. Pili, ulituonyesha mahali penyewe ambapo bidhaa ilipata tabia yake. Mama alieleza kwamba mwanzoni alidhani ameunguza karanga, akapunguza moto, lakini uchungu ukabaki. Ndipo alipozitandaza karanga mezani baada ya kuzikaanga na kuondoa ganda lile jekundu, akazitenga kwa mwonekano: nzima na nyeupe upande mmoja, zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye madoa upande mwingine, akaonja moja moja. Uchungu ulitoka kwenye fungu la pili. Tangu hapo akawa anachambua mara mbili, kabla ya kukaanga na tena baada ya ganda kutoka, kwa sababu karanga iliyobadilika rangi hujificha ndani ya ganda na huonekana vizuri tu ikishavuliwa.

Habari za sumukuvu alizipata baadaye, kwenye mafunzo ya wasindikaji, ambako alifundishwa kwamba karanga zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kubeba sumu hiyo. Alikuwa akizitupa tayari kwa ajili ya ladha. Kwa maoni yangu mwanzo huo ni bora mara nyingi kuliko ule wa rasimu, maana unaanza na lalamiko la mlaji, jambo ambalo kila mnunuzi analielewa, na unaeleza kwa nini siagi iliyo mkononi mwake leo ina ladha iliyonayo.

Mama hakuliona hivyo. Aliniuliza, “Sasa dada, utaandika kwamba siagi yangu ilirudishwa? Hiyo si aibu?”

Nikamwambia, “Mama, watu wengi wamewahi kurudishiwa bidhaa. Nataka waone ulichofanya kesho yake.”

Hakukubali siku ile. Alikubali baada ya kumsomea rasimu zote mbili dada yake, ambaye si mtu wa biashara, na dada yake akaikumbuka ya chupa ya mwalimu bila kusomewa tena, huku ile ya kuthubutu akisema ameisikia mahali fulani.

Tamaa ya kuutengeneza mwanzo upya haiko kwa wajasiriamali wetu tu. Kampuni ya eBay ya Marekani, iliyoanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, kwa miaka kadhaa ilisimuliwa kwamba ilizaliwa ili mchumba wake apate watu wa kubadilishana nao vikopo vya pipi za Pez alivyokuwa akivikusanya. Baadaye ikajulikana kwamba habari hiyo ilitungwa mwaka 1997 na mhusika wa mawasiliano wa kampuni, kwa kuwa waandishi wa habari hawakuvutiwa na maelezo ya kweli kuhusu mtu anayejaribu kuunda soko la haki mtandaoni. Kinachonishangaza ni kwamba kampuni ilikuwa na habari ya kweli yenye uhai zaidi: kifaa kibovu cha kuelekezea kwa mwanga wa leza, alichokiweka Omidyar kwenye mnada akijaribu mtambo wake, kikanunuliwa kwa dola 14.83. Ni kitu kidogo na hakina maana kubwa, bei yake ina senti ndani yake, na kinaonyesha kilekile ambacho eBay ilikuja kuwa, mahali ambapo hata kitu kibovu hupata mwenye kukitaka. Netflix nayo imebeba kwa muda mrefu habari ya Reed Hastings kutozwa faini ya dola 40 kwa kuchelewesha kurudisha kanda ya filamu, na mwanzilishi mwenzake, Marc Randolph, amekuja kusema waziwazi kwamba mambo hayakwenda hivyo. Kampuni kubwa zinaweza kuhimili kusahihishwa namna hiyo. Mtengenezaji wa siagi anayewauzia watu wa mji wake mwenyewe hawezi, kwa sababu walimu wa ile shule bado wapo na wanajua mwaka walioanza kununua.

Baada ya kupata tukio lenyewe, tulipitia madai yaliyobaki kwenye rasimu, moja baada ya jingine. Shilingi elfu kumi zilikuwa za kweli, lakini zilinunua karanga tu. Mkaa ulitoka kwenye mshahara wa mume, mashine ilikuwa ya jirani, na mashine yake ya kwanza mwenyewe aliinunua kwa mkopo wa kikoba. Ukisema elfu kumi bila kuyasema hayo mengine, hujasema uongo wa wazi, lakini umemfanya msomaji aamini jambo ambalo halikutokea, na mama mwingine mwenye elfu kumi zake, asiye na mwenza mwenye mshahara wala jirani mwenye mashine, atajiona mzembe akishindwa. Tulikiacha kiasi hicho cha pesa nje kabisa na kukiingiza kikoba. Kikoba kila mtu hapa anakijua, na anayekisoma anajua mara moja ni fedha ya namna gani, imekusanywa vipi na inarudishwa chini ya macho ya nani.

“Wengi walinikatisha tamaa” nilitaka kujua ni akina nani. Ilibainika kuwa ni mtu mmoja, mama mkwe, na alichosema ni kuuliza nani atanunua karanga za kusagwa wakati kila nyumba ina kinu. Hilo ni swali la maana kabisa la soko, tena lilistahili jibu, na jibu lake lilikuwa kwamba walimu hawana muda wa kutwanga asubuhi. Kumgeuza mama mkwe kuwa adui wa hadithi ili mwanzilishi aonekane shujaa kungekuwa dhuluma, na isitoshe anaishi nao nyumba moja.

Dai la “salama kwa asilimia mia moja” lilikuwa la hatari kuliko yote, na hapa mwandishi wa maneno anapaswa kuijua bidhaa yenyewe. Kuchambua kunapunguza sumukuvu kwa kiwango kikubwa, kwa kuwa sumu huwa imejikusanya kwenye karanga chache kati ya nyingi, lakini hakuimalizi. Ukungu unaweza kukauka na kutoweka machoni huku sumu ikibaki. Haina harufu ya kumtahadharisha mlaji, na moto wa kukaangia wa kawaida hauiondoi yote. Anayeweza kusema mzigo fulani uko chini ya kiwango kinachoruhusiwa, ambacho kwa Afrika Mashariki ni jumla ya mikrogramu 10 kwa kilo, ni maabara iliyopima sampuli ya mzigo huo. Kwa hiyo hadithi ya mwanzo haikupewa ruhusa ya kuzungumzia usalama hata kidogo. Ilizungumzia uchungu na uchambuzi, mambo ambayo mama aliyashuhudia kwa ulimi na mikono yake, na suala la usalama likaachiwa alama ya Shirika la Viwango na vyeti vya maabara. Nimeona mara nyingi hadithi nzuri ya mwanzo ikitumiwa kupitisha dai ambalo lisingeruhusiwa kama lingeandikwa peke yake: bibi alikula mbegu hizi akaishi miaka mingi, mtoto wangu alipona, na mengine ya jinsi hiyo. Msomaji makini huanza kushuka imani hapo, hata kama habari ya bibi ni ya kweli.

Swali lililobaki lilikuwa gumu kidogo kuliuliza. Karanga zinazotolewa huenda wapi? Kwa maelezo yake, kila kilo kumi humtoka kilo moja na wakati mwingine zaidi, na mtu yeyote anayeijua biashara hii anafahamu kwamba karanga zilizokataliwa zina soko lake la bei ya chini, ambako husagwa na kurudi kwenye chakula cha watu, au hulishwa kuku. Kama zake zingekuwa zinauzwa huko, hadithi ya chupa iliyorudishwa ingekuwa ya kweli neno kwa neno na bado ingekuwa hila, kwa sababu uchungu ungekuwa umehamishiwa kwa mlaji mwingine asiye na uwezo wa kurudisha. Alinipeleka uani akanionyesha shimo zinakochomewa na kufukiwa. Bila shimo lile nisingeiandika lebo ile.

Kisha nikaomba watu waliomo kwenye habari wasomewe maandishi kabla hayajachapishwa. Hili wateja wengi huliona ni usumbufu, lakini ndilo linalosahihisha kumbukumbu na kuzuia ugomvi. Mwalimu aliyerudisha chupa alikuwa ameshahamia shule nyingine. Alicheka, akakubali kutajwa kama “mwalimu mmoja”, na akaongeza kwamba hakuirudisha mwenyewe, alimtuma mwanawe. Jirani hakutaka jina lake lionekane, akaridhika na neno “jirani”. Mume aliuliza kama ni lazima mshahara wake uingie, nasi tukaona haulazimiki kuwapo kwenye lebo alimradi hakuna sentensi inayodai kwamba haukuwapo. Mteja mwingine aliwahi kutaka uji wake wa lishe uuzwe kwa picha na habari za mwanawe alipokuwa na utapiamlo, na hapo nilikataa kazi. Mtoto yule hakuwa na umri wa kuamua kama anataka afya yake ijulikane na kila atakayefungua pakiti, na tangu mwaka 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, ambayo inaziweka taarifa za afya na za watoto kwenye kundi la kuangaliwa kwa uzito zaidi.

Lebo ya mwisho ilikuwa na sentensi mbili: “Mwaka 2014 mwalimu mmoja aliturudishia chupa ya siagi kwa sababu ilikuwa chungu. Tangu hapo karanga zetu huchambuliwa mara mbili: kabla ya kukaangwa, na tena ganda likishatoka.” Mwanzilishi hatajwi, na nadhani ndiyo sababu watu hawamwoni anajisifu. Anayefanya jambo kwenye sentensi ya kwanza ni mwalimu, na kwenye ya pili karanga zenyewe ndizo zinazozungumziwa. Hakuna neno la moyo, la kuthubutu, kujituma au kuamini. Uvumilivu wake unaonekana kwenye kuchambua mara mbili, na kama mtu hauoni pale, kuutaja kusingemsaidia.

Kwenye ukurasa wa kampuni, ambako kuna nafasi zaidi, mama anazungumza mwenyewe. Tulikuwa waangalifu na nafsi. Pale alipokuwa peke yake, ameandika “nilikaanga, nikaonja”, kwa kuwa kusema “tulikaanga” wakati mpo mmoja jikoni nako ni kujikuza kwa njia nyingine. Panapohusu leo ameandika “tunachambua”, kwa sababu wanawake wanaokaa kwenye meza za kuchambulia ndio wanaoifanya kazi hiyo sasa, na aya ya mwisho inaeleza wanavyojifunza kutenga karanga yenye doa na ile iliyopata mkwaruzo tu. Jirani na kikombe chake cha siagi yumo, kikoba kimo, na mama mkwe yumo na swali lake la kinu. Mama alisita kidogo kuhusu hilo la mwisho, lakini mama mkwe mwenyewe alilifurahia kuliko sote.

Kwa msimamizi wa manunuzi wa duka kubwa hatukupeleka hadithi yoyote. Anachotaka ni leseni ya kutumia alama ya ubora, msimbo wa bidhaa unaosomwa na mashine ya malipo, muda wa kukaa rafuni, na uhakika kwamba mzigo utafika Jumatatu. Pakiti ya unga wa Azam haikusimulii maisha ya Said Salim Bakhresa, na bado inauzwa kila duka la mtaa. Mnunuzi huyo anaiamini kwa kuwa haikuwahi kukosekana, na uaminifu wa namna hiyo hauletwi na aya nzuri.

Mahali ambapo habari ya chupa ilifanya kazi vizuri zaidi ni kwenye maonesho ya Nane Nane, viwanja vya Nzuguni. Nilimshauri asianze kuisimulia. Aliweka sahani mbili mezani, moja ya karanga zilizopita na nyingine ya zilizokataliwa, zote zikiwa zimevuliwa ganda, akasubiri. Watu walisimama wenyewe, wakainama, wakauliza tofauti ni nini. Jibu lilikuwa la pumzi moja: mwalimu alirudisha chupa, nikatafuta uchungu unatoka wapi, nikaukuta kwenye sahani hii. Mzee mmoja mkulima alizigeuza zile mbovu kwa kidole, kisha akamuuliza zinapelekwa wapi. Mama akamjibu kuhusu shimo bila kutafakari, na mzee akaanza kumweleza yeye jinsi karanga zinavyopatwa na ukungu zinapovunwa zikaachwa chini na udongo wenye unyevu. Wakazungumza kuhusu kukausha kwa muda mrefu kuliko walivyozungumza kuhusu siagi. Alinunua kopo moja akaondoka.

Usumbufu ulitoka kwa mtangazaji aliyekuja kumrekodi. Alisikiliza habari ya mwalimu, akatikisa kichwa, halafu akamwomba aeleze “alivyoteseka”. Nilikuwa nimemtahadharisha kwamba swali hilo litakuja, kwa maana vipindi vya namna hiyo hupenda machozi yatangulie mafanikio. Tulikuwa tumekubaliana kwamba asikatae kwa ukali wala asitafute mateso ya kumpa, bali arudi kwenye jambo lililokuwa gumu kweli. Akasema kigumu kilikuwa kutupa kilo nzima ya karanga kila kilo kumi katika miezi ambayo bei ilikuwa juu, huku akijua kwamba wateja wengi wasingegundua kama angeziacha. Kipande hicho ndicho kilichorushwa.

Sasa tuna kazi nyingine. Kikundi cha wakulima wa Kongwa anaonunua kwao kimeanza kuchambua chenyewe kabla ya kuuza, kwa bei ya juu kidogo, na mama anafikiria kuacha uchambuzi wa kwanza katika karakana yake na kubaki na ule wa pili. Pia amepigiwa hesabu ya mashine inayotenga karanga kwa rangi. Ndiyo maana tangu mwanzo sikuandika “kwa mkono” kwenye lebo, ingawa mwanzoni ilikuwa hivyo na neno hilo linauza. Lakini hata “karanga zetu huchambuliwa mara mbili” itahitaji kuangaliwa: kama uchambuzi wa kwanza utafanyika Kongwa, sentensi inaweza kubaki kweli iwapo yeye atahakiki mizigo inavyofika, na isiwe kweli kama atawaachia tu. Nimemshauri achapishe lebo za miezi mitatu kwa mara moja badala ya za mwaka mzima, ingawa bei ya kila lebo inapanda kidogo, ili maneno yabadilike pale kazi inapobadilika. Mwaka 2014 na mwalimu vitabaki vilevile. Kuhusu sentensi ya pili, amesema atakwenda Kongwa baada ya mavuno akae na kikundi hicho mezani, aone wanachokitoa na wanachokiacha, kisha ndipo tupeleke maandishi kiwandani.